Saa Nane Mchana, Pilau Imeshuka

Haya niliyazungumza Chake Chake, siku ya pili ya mafunzo ya siku tatu ya washereheshaji na makatibu wa mikutano. Ratiba ilinipa saa 8:00 mchana, mara tu baada ya chakula. Wenzetu waliokosa boti na waliobaki na wagonjwa majumbani waliniomba niyaandike, na nimeyaweka kama yalivyotoka.

Paukwa!

Paukwa, jamani!

Nimesikia pakawa ya safu tatu za mbele. Huko nyuma nimesikia kitu kama mtu anayegeuka kitandani. Basi Assalaam alaykum, na kabla sijasema la pili nawaomba kila mmoja anyanyuke, achukue daftari lake na mkoba wake, ahamie kiti ambacho hajakikalia tokea jana. Mtu akae na amtakaye. Waliozoea nyuma waje mbele, na wa mbele waende wakaone nyuma kukoje. Nawapa dakika moja.

Ahsanteni. Mmeona? Sikukupigieni ngoma wala sikukuchekesheni. Nimekuhamisheni tu. Na jambo hili si langu. Mnaijua hadithi ya Mtume, Swalla Llahu alayhi wasallam, kwamba mmoja wetu akisinzia msikitini siku ya Ijumaa basi na ahame pale alipokaa. Mara ngapi tumeisikia? Na mara ngapi tumeiingiza katika mikutano yetu? Sisi mtu akisinzia tunamzidishia sauti ya spika.

Nimepewa dakika 25 nizungumze juu ya dakika 4, yaani zile dakika 4 za kukifungua kikao cha baada ya chakula, mkutano ukiwa siku yake ya pili au ya tatu. Sizungumzii ufunguzi wa asubuhi ya kwanza, ambapo watu wamepiga pasi kanzu na kila mtu yu macho. Nazungumzia sasa hivi, saa hii, wakati pilau imeshashuka na kachumbari inapanda.

Kwanza tumuondolee lawama mpishi. Nani hapa anaamini kwamba usingizi wa saa 8 unaletwa na wali? Nyanyueni mikono. Karibu nyote. Sasa nambieni, mwezi wa Ramadhani hakuna aliyekula mchana. Je, saa 8 ofisini watu huwa macho? Mtanijibu hapo kuna njaa, na usiku tumekesha tukaamka daku, na mna haki. Lakini waliochunguza mambo ya usingizi wamewaweka watu ndani, bila saa ya ukutani na bila mlo mzito wa mchana, na bado ule mlegeo ukaja. Mwili una saa yake. Baada ya adhuhuri, tangu kiasi cha saa 7 mpaka saa 10, saa hiyo huregea. Chakula kizito huongeza uzito juu ya mlegeo ambao ulikuwa unakuja vyovyote vile. Wazee wetu wala hawakuhitaji kuambiwa. Walifunga duka, wakalala kailula, wakafungua alasiri. Sisi tumeiondoa kailula tukaweka mada ya tatu.

Halafu ongeza kwamba ni siku ya pili. Jana mtu amelala nyumba ya wageni, godoro si lake, mwenzake chumbani anakoroma, na usiku amekaa barazani mpaka saa 6 kwa sababu amekutana na rafiki aliyesoma naye. Leo ana deni la usingizi, na kesho litakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo utangulizi uliowafaa jana saa 8 hautawafaa leo, na wa leo hautawafaa kesho. Wangapi kati yetu hutumia mzaha ule ule siku zote tatu?

Kitu cha tatu ni ukumbi wenyewe. Hapa nina kisa.

Kuna ukumbi mmoja Unguja, siutaji, uliokuwa na viyoyozi vinne vipya na mapazia mazito. Siku tatu tulikuwa mle watu zaidi ya mia. Siku ya pili mchana nikapanda jukwaani nikawakuta wamelala hata kabla sijafungua mdomo. Nikaimba, nikatega kitendawili, wapi. Baadaye yule fundi wa mitambo, kijana mdogo, akaniambia, "Bi, wewe unahangaika na watu, na humu hewa imeisha." Alikuwa amesema kweli. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa kutoka nje, kinaizungusha na kuipoza ile ile iliyokwishapumuliwa. Watu mia wakikaa ndani tokea asubuhi, milango imefungwa, hewa chafu inajaa na vichwa vinakuwa vizito. Na juu yake tulikuwa tumezima taa zote ili picha za ukutani zionekane vizuri. Giza, baridi kidogo, mngurumo wa kiyoyozi, viti vya sponji. Hebu mtu aniambie chumba cha kulala kinatakiwa kiwe na nini zaidi ya hapo?

Tokea siku ile, watu wakitoka kwenda kuswali na kula, mimi nabaki nyuma kidogo. Nafungua milango na madirisha yote, mapazia naweka kando, viyoyozi nazima. Ukumbi unapumua wakati hauna mtu. Ikibaki robo saa nafunga na kuwasha. Kuhusu taa, namuomba fundi azime zile za juu ya ukuta wa picha peke yake, za juu ya vichwa vya watu ziwake. Picha zikififia kidogo na zififie. Na huyo fundi mnunulieni soda, maana funguo zote anazo yeye.

Jambo jingine dogo ni kahawa. Sisi hapa kahawa chungu tunayo, na kashata zake. Lakini tunaileta lini? Saa 9 na nusu, wakati wa mapumziko, usingizi ukiwa umeshamaliza kazi yake. Kahawa mpaka ifanye kazi mwilini inataka kiasi cha nusu saa. Kwa hiyo buli lizunguke saa 7 na nusu, watu bado wako kwenye sahani. Mwambieni muuza kahawa aje mapema, na asikae pembeni akisubiri kufuatwa, apite baina ya meza na vikombe vyake vikigongana. Ile sauti peke yake inasaidia.

Haya, ukumbi umepumua, kahawa imenywewa, saa 8 imefika. Unapanda. Unasema nini?

Nianze na kisichosemwa. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilipewa kumtambulisha mzungumzaji wa saa 8, mtu mkubwa, na wasifu wake ulikuwa kurasa mbili. Nikausoma wote. Amezaliwa wapi, amesoma wapi, shahada ya kwanza, ya pili, kamati alizokaa, safari alizosafiri. Dakika 9. Nilipofika kwenye kamati ya sita, safu ya mbele mzee mmoja akakoroma, koromo moja refu, akajishtua mwenyewe, akasema kwa sauti, "Amin!" Ukumbi mzima ukacheka, na kicheko kile ndicho kitu pekee kilichowaamsha. Mzungumzaji alikasirika na mimi, si na mzee. Na alikuwa sahihi.

Wasifu ukae kwenye karatasi ndani ya mkoba wa mkutano. Mdomoni mwako ibaki sentensi moja, ile inayoonesha kwa nini mtu huyu ndiye wa kusema jambo hili.

Kisichofanywa nacho ni ile michezo ya kuletwa. Mwaka uliofuata, nikijiona nimejifunza, nilirudi kutoka mafunzo ya mbali na karatasi ya michezo ya kuchangamsha watu. Nikawaambia washiriki wageuke kulia, kila mtu amkande jirani yake mabega. Unguja hii! Kulia kwa Bi mmoja aliyevaa baibui kulikuwa na sheikh. Kulia kwa sheikh kulikuwa na msichana aliyemaliza chuo juzi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Sheikh akachukua kofia yake mezani, akaivaa taratibu, akatoka kwenda barazani, na baada yake wakatoka kumi na kitu. Wale waliobaki walikuwa macho, hilo siwezi kulikataa. Walikuwa macho kwa hasira.

Nikajiuliza muda mrefu kosa lilikuwa wapi. Kugusana ni sehemu yake tu. Hata ungewaambia wapige makofi mara tatu na kuruka, wangeona wanachezewa. Mtu mzima aliyeacha shamba lake siku tatu ukimwambia aruke, anauliza moyoni, niruke kwa ajili gani? Mwili unatakiwa utikisike, hilo kweli, lakini utikiswe na jambo lenyewe mlilokuja kulizungumza.

Nikupeni kisa kilichonifundisha hilo, na nitakwenda nacho polepole.

Lilikuwa kongamano la wakulima wa mwani, siku tatu. Washiriki wengi kina mama, kutoka mashariki ya Unguja na kutoka huku Pemba. Siku ya tatu, saa 8:15, mada ilikuwa kulima kotonii kwenye maji ya kina. Mnajua hali ilivyo. Kilimo hiki kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na mwani ni wa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini ni laini. Maji ya ufukweni yakipata moto inakuwa nyeupe, inakatika, inakufa. Kwa hiyo wataalamu wanasema iende kwenye kina, ambako maji ni baridi zaidi. Mada nzuri. Lakini siku ya tatu, saa 8:15?

Asubuhi yake nilikaa na mzungumzaji kwenye chai. Sikumuuliza amesoma wapi. Nilimuuliza, "Watu hawa wakitoka hapa bila kukusikiliza, watakosea nini?" Akafikiri, akanijibu, "Wataendelea kupanda kotonii pale pale inapokufa." Hapo nikapata mlango. Kisha wakati wa mapumziko nikazunguka kwa kina mama na vikombe vya chai, nikiuliza huyu na yule, nani bado anavuna kotonii? Nikawajua wanne. Nikakumbuka sura zao na walipokaa.

Nikamuomba kijana mmoja aende ufukweni aniletee ndoo ya maji ya bahari, ndani yake mashada mawili. Moja zima, jingine limeshapata weupe.

Saa 8:15 nikapanda. Salamu moja tu. Sikusema "natumai mmekula vizuri". Sikusema "najua mmechoka", maana ukimwambia mtu amechoka unampa ruhusa. Nikayatoa mashada kwenye ndoo, maji yanachuruzika sakafuni, nikayapeleka mwenyewe mpaka safu ya mwisho kabisa, kwa wale waliokuwa wameshaegemea ukuta. Nikamwekea mmoja mkononi. Yanarashia maji, yananuka bahari. Akashtuka, akacheka, akampa jirani. Nikawaambia yaje mbele, mkono kwa mkono.

Huku yanakuja nikasema, "Aliyewahi kupanda kotonii, asimame." Wakasimama wengi, karibu kina mama wote. Nikanyamaza kidogo. "Sasa abaki amesimama yule tu ambaye msimu uliopita amevuna kotonii ya kuuza." Viti vikalia. Wote wakakaa, wakabaki wanne. Na hapo, jamaa zangu, ukumbi ukageuka wenyewe. Watu wakageuza shingo kuwatazama wale wanne. Nani huyo? Ametoka wapi? Amefanyaje?

Nikamsogelea mmoja, Bi wa makamo kutoka huku kwenu Pemba. "Bi, kotonii yako umeipanda wapi?"

"Kwenye kina. Kaka yangu ananipeleka na ngarawa."

"Kina kiasi gani?"

Akainua mkono juu ya kichwa chake. "Kunifunika."

"Unajua kuogelea?"

Akanitazama kama niliyemuuliza mambo ya ajabu. "Sijui mie. Nashikilia ngarawa."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa ghafla. Kila mama mle ndani alikuwa amejiona yeye yuko pale, ameshikilia ngarawa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anafunga mwani.

Nikamgeukia mzungumzaji. "Mtaalamu, wewe umeishughulikia kotonii ya maji ya kina misimu mingi. Bi huyu anakutegemea na hajui kuogelea. Karibu, una dakika 25."

Nikakaa. Nilipotazama saa, nilikuwa nimetumia dakika 3 na nusu hivi.

Yule bwana alisimama, akaitazama ile picha yake ya kwanza ukutani, akairuka, akairuka na ya pili. Akaanza na kamba za kuelea na jinsi ya kufanya kazi kwa usalama ukiwa juu ya chombo. Nani angesinzia?

Sasa tukichambue. Kusimama na kukaa kuliwatikisa, lakini hakuna aliyehisi anafanyishwa mazoezi, maana kila aliyesimama alikuwa anajibu swali. Na jibu lilitoka kwa miguu. Saa 8 mchana mdomo mzito, mtu hataki kuwa wa kwanza kusema, lakini kusimama na wenzake mia si kazi. Nilianzia nyuma kwa sababu usingizi huanzia nyuma. Na swali nilikuwa ninalijua jibu lake. Hili nalikazania: usiulize "wangapi wamewahi" kama hujui wangapi. Umeuliza, hakuna aliyesimama, basi umekiua kikao kwa mkono wako. Zile dakika 3 zilifanyiwa kazi tokea chai ya asubuhi.

Lile la kuogelea sikulipanga, nakiri. Lilinijia pale pale. Lakini lingenijia wapi kama ningekuwa nasoma wasifu?

Na kitu cha mwisho katika kisa kile: swali sikulijibu. Ningeweza kuendelea, nikaeleza na mimi ninachokijua juu ya mwani, na kwa kweli nilitamani. Mshereheshaji akionja sauti yake tamu hashuki. Dakika 4 zikawa 10, na wewe umekuwa mzungumzaji wa pili wa mada isiyo yako, na muda unaoula ni wa mwenzio. Chakula kikichelewa, utangulizi ndio ukatwe, si mada. Mimi nikichelewa nabakisha swali moja na kusimama kumoja, dakika 1 na nusu.

Utajuaje kama imeshika? Msidanganywe na kicheko. Kicheko cha saa 8 mara nyingi ni adabu tu. Tazameni shingo na mikono. Watu wakigeuka kutazamana, imeshika. Jirani akimnong'oneza jirani huku anaonesha kidole mbele, imeshika, na msiwanyamazishe haraka. Kalamu zikitolewa, imeshika. Lakini ukiona wanaitikia "naam" kwa pamoja kama watoto wa chuoni, na macho yako mlangoni yanatafuta birika la chai, bado hujawapata. Hapo usiongeze chumvi. Mkaribishe mzungumzaji haraka, na waombe wahame viti kabla hajaanza.

Na nisikuuzieni mbuzi kwenye gunia. Utangulizi mzuri unanunua kiasi cha dakika 10, kwa uzoefu wangu, pengine 15. Ule mlegeo wa mwili haujaondoka, umesogezwa tu. Mzungumzaji akisoma kurasa 40 kwa sauti moja, watalala vile vile, na si dhambi yako. Kwa hiyo mimi kwenye chai ya asubuhi huomba na hili: "Ukifika dakika ya 12, simama, waulize kitu, wape jambo la kufanya." Wengine hukubali. Wengine huniambia wao ni madaktari wa falsafa. Hao ninachoweza kuwafanyia ni kufungua dirisha.

Kuna siku pia jawabu si utangulizi. Siku ya tatu, watu wamekesha, ratiba imejaa, nimewahi kumwambia mratibu atoe dakika 20 watu wajinyooshe, anayetaka alale. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Dakika 20 tu, maana ukiwaacha saa nzima wataamka wazito kuliko walivyolala. Lakini hilo mratibu ndiye mwenye kauli, na wengi wao wanaona aibu mfadhili akiingia akakuta watu wamelala. Kana kwamba hawajalala na macho wazi.

Haya, saa yangu inaniambia dakika 21. Chini ya kila kiti nilibandika karatasi wakati mlipokuwa mnaswali. Ndiyo maana nilikuhamisheni, ili aliyeiona mapema isiwe yake. Bandueni. Nyingi ni tupu. Saba zina maandishi, na kila moja ina jina la mada ya kesho saa 8: bima ya karafuu, maji ya visima, chanjo ya ng'ombe, na kadhalika. Ukiipata, wewe unatufungulia kikao hicho sasa hivi, hapa, dakika 2, bila wasifu na bila kutukanda mabega.

Nani amepata visima? Wewe mwanangu, nyuma pale? Usije mbele. Anzia huko huko uliko, na sisi tutageuka.